Kianzio cha Mpiga Picha: Harusi Ikighairiwa, Fedha Ni ya Nani?



Msimu wenyewe ndio huu. Alizeti imeshapigwa, vitunguu vimeshauzwa, fedha imeingia mkononi, na kuanzia Kiomboi hadi Manyoni kila Ijumaa kuna sendofu na kila Jumamosi kuna harusi. Weka na vipaimara, weka na mahafali. Mpiga picha anayejua kazi yake hapa Singida mjini ana Jumamosi chache kuliko watu wanaomtaka. Ndiyo maana hakushikii tarehe kwa maneno matupu. Anakwambia, "Weka kianzio, nikufungie siku yako." Unatuma fedha kwa simu, ujumbe wa muamala unaingia, na kamati ya harusi inapiga tiki kwenye daftari kwamba picha na video zimekwisha.

Kisha, siku chache kabla ya shughuli, mambo yanageuka. Binamu wa bwana harusi kampata mtu wa Dodoma mwenye droni na bei nafuu. Au michango imekuwa midogo, na kamati inapunguza matumizi. Au kinyume chake: mpiga picha mwenyewe kapata kazi kubwa zaidi kwingine, naye anapiga simu kusema hatakuja. Mkataba umevunjika, na kuna fedha imekaa mkononi mwa mmoja wao. Hiyo fedha ni ya nani?

Ukiwauliza wapiga picha, wengi watakujibu kwa mkato kwamba advansi hairudi. Ukiwauliza wateja, watakwambia: hajapiga hata picha moja, arudishe yote. Majibu yote mawili ni mepesi mno. Sheria yetu haianzi na kuuliza fedha ipo kwa nani. Inaanza na maswali mawili. Kwanza, ni nani aliyevunja ahadi? Pili, yule aliyeachwa amepata hasara ya kiasi gani hasa? Ukishika maswali hayo mawili, sehemu kubwa ya ugomvi huu inamalizika kwa kalamu na karatasi.

Basi tuchukue mfano, tuukokotoe pamoja. Ni mfano tu, lakini hesabu zake anayefanya kazi hii atazitambua.

Kamati imekubaliana na mpiga picha kwa shilingi 1,500,000. Kazi ni sendofu Ikungi siku ya Ijumaa, harusi Singida mjini siku ya Jumamosi, picha za maharusi kwenye mawe ya Ziwa Singidani jioni, kisha ukumbini. Baadaye kuna video iliyoeditiwa, albamu moja na fremu mbili. Mhazini ametuma nusu, yaani shilingi 750,000. Siku tisa kabla ya harusi mwenyekiti wa kamati anampigia: "Kaka, samahani sana, familia imeamua kumtumia mtu mwingine. Tunaomba utusaidie kurudisha ile advansi."

Hapa aliyevunja mkataba ni mteja. Mpiga picha hakukosea kitu. Sasa tuangalie hasara yake, na hapa ndipo wengi wanapoteleza.

Hasara yake haiwi shilingi 1,500,000 kwa sababu tu bei ilikuwa hiyo. Ili apate hiyo milioni moja na nusu ilimbidi atumie fedha. Kameramani wa pili angemlipa 150,000. Kijana wa kushika taa, 50,000. Mafuta ya kwenda Ikungi na kurudi, pamoja na chakula cha vijana kwa siku mbili, 90,000. Mtu wa kuediti video, 110,000. Kuchapisha albamu na fremu, 200,000. Jumla ni 600,000. Maana yake faida aliyoitegemea katika kazi hii ni 900,000. Katika zile 600,000 za matumizi, tayari ameshatoa 50,000, alizompa kameramani wa pili ili naye ashike tarehe, na huyo harudishi. Nyingine 550,000 zimebaki mfukoni kwake, kwa sababu kazi haipo.

Kwa hiyo kama ile Ijumaa na Jumamosi zitapita bure, hasara yake ni faida ya 900,000 aliyoikosa na 50,000 zilizokwisha kutoka. Jumla 950,000. Sasa linganisha na kianzio cha 750,000. Mteja aliyepiga simu kudai arudishiwe anaweza kukuta kwamba, kwa hesabu ya hasara, yeye ndiye anayedaiwa 200,000 zaidi. Hili wengi hawalijui. Kughairi siku tisa kabla ya shughuli katikati ya msimu si sawa na kughairi miezi minne kabla. Miezi minne kabla, tarehe bado inauzika na hasara inakaribia sifuri. Siku tisa kabla, kila mwenye harusi ameshampata mtu wake.

Lakini tusimame hapo kidogo. Tuseme siku nne baada ya simu ile, mpiga picha anapata kipaimara Puma, Jumamosi hiyo hiyo, kwa shilingi 600,000. Matumizi yake huko ni 150,000, hivyo anabaki na 450,000. Sasa hasara yake si 950,000 tena. Toa 450,000, inabaki 500,000. Hicho ndicho kiasi ambacho ana haki ya kubaki nacho, na 250,000 anapaswa kuzirudisha. Akibaki na zote 750,000 na fedha ya kipaimara juu yake, atakuwa amepata zaidi ya ambacho angepata kama harusi ingefanyika, na fidia haikuwekwa kwa ajili hiyo.

Msingi wa hesabu hii, msikilizaji, uko kwenye Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73. Kifungu kile kinampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara iliyotokana moja kwa moja na kuvunjwa huko. Pia kinataka, wakati wa kupima hasara, iangaliwe njia aliyokuwa nayo ya kuipunguza. Maana yake mpiga picha hawezi kukaa kivulini siku tisa nzima akisema Jumamosi yangu imeharibiwa. Anatakiwa ahangaike: aweke kwenye statasi yake kwamba tarehe iko wazi, awaambie wenzake, apokee kazi ndogo ikija. Na mteja anayetaka kujua kama mpiga picha alipata kazi nyingine hahitaji mpelelezi. Wapiga picha wanaishi kwa kutangaza kazi zao. Mara nyingi Jumapili asubuhi utaziona picha za kipaimara kwenye ukurasa wake, na keki ya sherehe imeandikwa jina na tarehe.

Sasa nasikia mpiga picha mmoja akisema: mimi kwenye fomu yangu nimeandika wazi kwamba advansi hairudishwi kwa hali yoyote, na mteja kasaini. Je, maandishi hayo hayana kazi?

Yana kazi, ila si kazi unayoifikiria. Kifungu cha 74 cha sheria ile ile kinasema kwamba mkataba ukitaja kiasi cha kulipwa endapo utavunjwa, aliyevunjiwa ana haki ya fidia ya haki, isiyozidi kiasi kilichotajwa. Yasikilize vizuri maneno haya mawili: ya haki, na isiyozidi. Kinachotajwa kwenye fomu ni dari. Mahakama inaweza kutoa chini ya hapo ikiona kiasi ni kikubwa mno kuliko hasara, na haitakwenda juu yake. Kwa hiyo katika mfano wetu, mpiga picha aliyeandika kwamba mteja akighairi atapoteza kianzio anaweza kuwa amejifungia mlango wa kudai zile 200,000 za ziada. Maneno aliyoyaweka kumtisha mteja yanageuka kuwa kikomo chake mwenyewe.

Kuna faida moja anayoipata, nayo si ndogo. Kifungu hicho hakimlazimishi kuthibitisha hasara yake kwa risiti moja moja. Akionyesha kwamba tarehe ilikuwa ya msimu, taarifa ilikuja kwa kuchelewa na kiasi kilichotajwa si cha kukomoa, amesimama pazuri.

Sheria hii hatukuibuni kutoka hewani. Tuliitunga mwaka 1961 kwa kufuata Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitumika Tanganyika wakati wa ukoloni. Kwa sababu hiyo mawakili wetu mara nyingi huangalia mahakama za India zilisema nini, ingawa hukumu za huko hazizifungi mahakama zetu. Kuna shauri moja linaligusa hili letu moja kwa moja. Mwaka 1963 Mahakama ya Juu ya India iliamua ugomvi kati ya Fateh Chand na Balkishan Das. Ilikuwa ni biashara ya ardhi na nyumba mjini Delhi kwa rupia 112,500. Mnunuzi alikuwa ametoa rupia 1,000 za arbuni, na baadaye rupia 24,000 nyingine kama sehemu ya bei. Biashara ikavunjika, muuzaji akataka kubaki na zote 25,000. Mahakama ikamwachia ile 1,000 ya arbuni. Zile 24,000 ikasema hapana, hizo ni sehemu ya bei, na hukuthibitisha hasara ya kiasi hicho.

Leta somo hilo Singida. Arbuni ni kiasi kidogo kinachotolewa kuonyesha nia, ili tarehe ishikwe. Anayekitoa anajua kwamba akigeuka amekipoteza. Nusu ya bei si arbuni, hata ukiiita hivyo kwenye fomu. Nusu ya bei ni malipo ya awali ya kazi ambayo bado haijafanyika. Kwa hiyo mpiga picha mwenye busara huzitenganisha: shilingi 150,000 ni arbuni ya kufunga tarehe, hairudi, 600,000 ni malipo ya awali, na hatima yake inategemea mteja ameghairi zikiwa zimebaki siku ngapi. Fomu ya namna hiyo inasimama mbele ya hakimu vizuri zaidi kuliko ile iliyoandikwa "hairudishwi kwa hali yoyote" kwa herufi kubwa nyekundu.

Sasa tugeuze meza. Mpiga picha ndiye anayeghairi.

Zimebaki siku tatu. Anampigia mwenyekiti kwamba kapata dharura, na baadaye inajulikana dharura yenyewe ni harusi ya mheshimiwa mmoja mahali pengine. Hapa hakuna hesabu ndefu. Anarudisha shilingi 750,000 zote. Ile arbuni ya kufunga tarehe nayo inarudi, kwa sababu tarehe aliyolipwa kuifunga ameifungua mwenyewe. Na haliishii hapo. Kamati inahangaika usiku na mchana, inampata mtu kutoka Babati, naye kwa kuwa ni dharura anataka 1,900,000. Ile tofauti ya 400,000 ni hasara iliyoletwa na yule wa kwanza, na kifungu cha 73 kinampa mteja haki ya kuidai. Lakini na mteja naye anabanwa na sharti lile lile la kupunguza hasara. Kama mkataba wa kwanza ulikuwa wa kamera mbili na albamu moja, hawezi kwenda kukodi kamera tano, krenu na droni mbili kisha akamletea mwenzake bili yote.

Je, uchungu wa kukosa picha nao una fidia? Wenzetu wa Uskochi walilijibu swali hili mwaka 1971, katika shauri la Diesen dhidi ya Samson. Mpiga picha alikubali kazi ya harusi na siku ilipofika hakutokea kabisa. Bibi harusi akabaki bila picha. Mahakama ikampa pauni 30 kwa ajili ya huzuni na uchungu wa moyo, kwa hoja kwamba kinachonunuliwa kwa mpiga picha wa harusi ni kumbukumbu yenyewe, si karatasi. Hukumu ile haizifungi mahakama zetu, na pauni 30 hazikuwa utajiri. Ila mpiga picha anayefikiri kwamba akirudisha advansi tu amemaliza kila kitu, aikumbuke.

Kuna kughairi kwa namna nyingine, kwa kujificha. Mpiga picha haji, anamtuma kijana wake. Mteja akilalamika anajibiwa, "Kazi si imefanyika?" Jibu linategemea mlikubaliana nini. Kama kamati ilimtafuta bwana fulani kwa jina, kwa sababu ya kazi zake walizoziona, basi mkono wake ndio ulionunuliwa, na kijana si mbadala mpaka mteja akubali. Kama mlikubaliana na studio, bila kutaja nani atashika kamera, studio inaweza kumtuma mtu mwingine mwenye uwezo. Ndiyo maana ni vizuri jina la mpiga picha mkuu liandikwe. Na kijana akitokea asubuhi ya harusi, mteja asikae kimya. Atume meseji pale pale: "Tumempokea huyu kwa sababu hatuna njia, lakini siye tuliyekubaliana." Ujumbe huo mmoja, wenye saa na tarehe, una uzito kuliko manung'uniko ya mwezi mzima baadaye.

Msikilizaji, kuna jambo la tatu ambalo halina mkosaji. Msiba. Au ugonjwa. Harusi imesimama, wala hakuna aliyetaka.

Kifungu cha 56 cha sheria yetu kinasema mkataba ambao utekelezaji wake umekuwa hauwezekani, kwa jambo ambalo mtoa ahadi hakuweza kulizuia, unabatilika. Na kifungu cha 65 kinamtaka aliyepokea manufaa chini ya mkataba uliobatilika ayarudishe au ayafidie. Bwana harusi akifariki, Mungu apishie mbali, hakuna harusi tena duniani ya kupigwa picha. Hapo mpiga picha hawezi kusema hairudi kwa hali yoyote. Kazi aliyokwisha kuifanya kweli, kwa mfano picha za kabla ya harusi alizowapiga maharusi kule ziwani mwezi uliopita, anastahili kulipwa thamani yake, na kinachobaki kinarudi kwa familia.

Waingereza walikumbana na jambo kama hili mwaka 1902. Mfalme Edward wa Saba alikuwa atawazwe mwezi Juni, na watu wakakodi vyumba vya ghorofani kwenye barabara ambazo msafara ungepita. Bwana Henry alikodi vyumba vya Bwana Krell kwa pauni 75, akatanguliza 25. Mfalme akaugua, msafara ukaahirishwa. Krell akadai pauni 50 zilizobaki. Mwaka 1903 mahakama ya rufaa ikasema hadaiwi, kwa sababu sherehe ndiyo iliyokuwa kiini cha mkataba. Zile 25 zilizotangulizwa zilibaki kwa Krell, maana Henry aliacha kuzidai. Kwetu sisi, kwa kifungu kile cha 65, anayezidai ana pa kusimamia.

Ila tusilinyooshe jambo hili kupita kiasi. Mjomba akifariki Iramba na ukoo ukaamua harusi isogezwe mbele mwezi mmoja, kisheria harusi bado inawezekana. Imeahirishwa kwa heshima ya marehemu. Hilo haliui mkataba moja kwa moja. Hapa utaratibu unaofaa, na ambao wapiga picha wengi waungwana wanaufuata, ni kuhamisha kianzio kwenda tarehe mpya ambayo bado iko wazi kwake, na mteja anafidia kile tu kilichokwisha kupotea, kama zile 50,000 za kameramani wa pili. Tarehe mpya ikiwa imeshachukuliwa, rudini kwenye hesabu ya hasara. Muhimu ni kwamba neno "kuahirisha" na neno "kughairi" yasiandikwe kwenye mkataba kama kitu kimoja.

Sasa nije kwenye fundo ambalo ni letu sisi, halimo kwenye vitabu vya Waingereza wala Wahindi. Ni kamati ya harusi.

Angalia mfano wetu. Bei ilipatanwa na mwenyekiti. Fedha ilitumwa na mhazini, kwa namba yake, kutoka kwenye michango ya watu themanini. Aliyeghairi kwa simu ni mwenyekiti huyo huyo, akisema familia imeamua. Je, aliyeingia mkataba ni nani? Kamati ya harusi haijasajiliwa popote. Haiwezi kushtaki wala kushtakiwa kwa jina lake, na baada ya kuvunja kamati haipo tena. Mwenye mkataba ni yule mtu aliyekubaliana na mpiga picha, au yule aliyemtuma akakubaliane kwa niaba yake. Nimesikia ugomvi wa aina hii ukianza kwa sababu shemeji alighairi, mpiga picha akapokea kazi nyingine, na kumbe bwana harusi mwenyewe hakuwa na habari. Na ukianza pia kwa sababu mpiga picha alirudisha fedha kwa bwana harusi, huku mhazini akidaiwa mahesabu na wachangiaji.

Dawa yake ni mistari miwili. Andikeni kwamba mwenye mkataba ni fulani, na taarifa yoyote ya kubadilisha au kughairi itatoka kwake peke yake kwa namba hii. Na andikeni kwamba fedha yoyote ikirudishwa, itarudi kwenye namba ile ile iliyotumika kulipia.

Mkataba wenyewe si lazima uwe wa wakili. Hata makubaliano ya mdomo ni mkataba mbele ya sheria. Tatizo lake ni ushahidi. Na tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, meseji na mazungumzo ya WhatsApp yanaweza kupokelewa mahakamani, kwa hiyo usiyafute. Unapotuma kianzio, tuma na ujumbe unaosema ni cha nini: "Nimetuma 150,000 arbuni na 600,000 malipo ya awali, kazi ya harusi Jumamosi tarehe fulani." Naye ajibu, "Nimepokea."

Kisha wekeni ngazi za kughairi. Nitakupa mfano, mnaweza kuubadilisha. Mteja akighairi zikiwa zimebaki siku zaidi ya 60, mpiga picha anabaki na arbuni tu. Zikibaki kati ya siku 60 na 15, anabaki na arbuni na nusu ya malipo ya awali. Zikibaki siku 14 au chini, anabaki na kianzio chote, ila akipata kazi nyingine tarehe hiyo atarudisha sehemu itakayotajwa. Mpiga picha akighairi yeye, anarudisha chote ndani ya siku tatu na anafidia tofauti ya bei ya mtu mwingine wa kiwango chake. Ngazi kama hizi zinafuata jinsi hasara inavyopanda kadiri siku zinavyopungua, na ndiyo maana hakimu ataziona ni za haki.

Ikishindikana kabisa, uende wapi? Wengi wanakimbilia polisi. Polisi ni mahali pake kama mtu alipokea fedha kwa udanganyifu, kwa mfano alionyesha kazi za watu wengine kama zake, akapokea vianzio vya harusi nne za siku moja, kisha akazima simu. Kugombana juu ya kiasi cha kurudisha ni madai. Anza kwa maandishi: eleza mkataba, kiasi ulicholipa, siku mliyoghairi na hesabu yako, na umpe mwenzako siku 14 za kujibu. Asipojibu, nenda Mahakama ya Mwanzo. Mahakama hiyo inasikiliza madai ya madeni yanayotokana na mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30, na inaendesha mashauri kwa Kiswahili. Kianzio cha mpiga picha kinaingia humo bila shida. Beba fomu, ujumbe wa muamala, meseji za kughairi na ile hesabu yako. Lakini fahamu kwamba pale umekwenda kudai deni. Ukitaka na fidia ya uchungu wa moyo, tafuta ushauri wa kisheria kwanza kabla ya kufungua shauri.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, neno langu ni hili. Wewe mpiga picha, acha kusema advansi hairudi, na uanze kuandika inarudi kiasi gani na lini. Na wewe mwenye shughuli, kabla hujabonyeza namba ya siri kutuma kianzio, muulize maswali mawili: nikighairi mimi nitapoteza shilingi ngapi, na ukighairi wewe utanilipa shilingi ngapi? Akikujibu swali la kwanza tu, usitume fedha. Endelea kutafuta.